Doa la kwapani si uchafu, na jiki si dawa yake

Wandugu, leo naweka kando habari za mahakamani na za bungeni ninazoziandika mchana kutwa, niseme habari ya kwapa. Msicheke. Kila anayevaa shati jeupe kazini analijua jambo hili, ila halizungumzwi. Shati bado zima, kola imesimama, vifungo vyote vipo, lakini ukiinua mkono kuna ramani ya njano pale chini. Kuna watu wamekwisha jizoeza kutoinua mkono kwenye mkutano. Kuna wengine hawavui koti hata umeme ukikatika na feni zikasimama.

Nina mambo mawili ya kusema. La kwanza, doa lile halitokani na uchafu. Mara nyingi humpata zaidi yule anayejipaka deodoranti kila asubuhi bila kukosa. La pili, dawa ambayo nyumba nyingi huikimbilia, yaani jiki, ndiyo inayolikoleza. Ukiyaelewa haya mawili, kulitoa ni kazi ya Jumamosi moja, kwa vitu vya duka la mtaani na duka la dawa.

Tuanze na swali jepesi. Katika joto la Dar es Salaam, mgongo wa shati hulowa sawasawa na kwapa, pengine zaidi. Mbona mgongoni hakuna ramani ya njano?

Jibu la kwanza ni kwamba jasho la kwapani si sawa na la mgongoni. Jasho la mgongoni ni maji na chumvi, karibu yote. Kwapani kuna tezi za aina nyingine, zinazoanza kazi mtu akibalehe, na hizo hutoa majimaji yenye protini na mafuta kidogo. Yakitoka hayana rangi wala harufu. Harufu huletwa na bakteria wanaokula yale majimaji. Mafuta nayo yakikaa kwenye kitambaa hukutana na hewa na joto, huchacha, na yanapochacha hugeuka njano, kama mafuta ya kula yaliyosahaulika kwenye kikaango.

Jibu la pili, na ndilo kubwa, ni kile tunachopaka wenyewe. Hapa inabidi tutenganishe vitu viwili ambavyo dukani vinakaa rafu moja na wote tunaviita deodoranti. Deodoranti halisi hupunguza bakteria na kuongeza manukato, basi. Ile ya kuzuia jasho hufanya kazi nyingine: ina chumvi ya alumini, ambayo ikikutana na jasho huganda mithili ya uji na kuziba matundu ya jasho kwa muda. Chupa nyingi zina vyote viwili. Geuza yako usome maandishi madogo mgongoni. Ukiona neno linaloanza na "alumin", ujue unayo ya kuzuia jasho.

Sasa alumini hiyo inafanya nini kwenye shati? Wengi wetu tumeiona ikifanya kazi tangu utotoni bila kuijua. Kumbuka shabu, lile jiwe jeupe ambalo bibi zetu walilizungusha ndani ya ndoo ya maji ya mtoni. Ndani ya muda mfupi tope lote lilishikana na kuzama chini, maji yakabaki meupe. Shabu ni chumvi ya alumini. Kazi yake ni kukusanya vitu vidogo vinavyoelea na kuvigandisha pamoja. Ndiyo maana shabu hiyo hiyo ilipakwa pia kwapani kuondoa kikwapa. Na kuna kazi ya tatu ya shabu ambayo watia rangi nguo wameijua kwa karne nyingi: kitambaa cha pamba hulowekwa kwanza kwenye maji ya shabu ili rangi ikitiwa ishike, isitoke kwenye maji.

Weka hayo matatu pamoja uone kinachotokea kwapani. Alumini inakusanya protini na mafuta ya jasho, inavigandisha, halafu inavishikiza kwenye uzi wa pamba kama mtia rangi anavyoshikiza rangi yake. Yaani kila asubuhi tunatia shati rangi kwa mikono yetu wenyewe. Alumini ni gundi, mafuta yaliyochacha ndiyo rangi.

Habari hii si mpya. Dawa ya kwanza ya alumini ya kuzuia jasho iliyouzwa kibiashara ilitoka Marekani mwaka 1903, na ilikuwa na tindikali kali kiasi cha kula nguo na kuwasha ngozi. Za siku hizi zimepunguzwa ukali, hazitoboi shati, ila gundi imebaki ile ile.

Nije kwenye jiki. Uani kwetu yupo dada anayefulia nyumba tatu, analipwa kwa ndoo. Siku moja mpangaji mmoja alimkata hela kwa sababu mashati yamerudi na makwapa ya njano zaidi kuliko yalivyokwenda. Dada akasema, "Kaka, nimeyaloweka jiki usiku kucha, nimesugua mpaka vidole vimechubuka." Mpangaji akaona ni uongo. Kumbe dada alisema kweli tupu, na jiki ile ndiyo iliyomponza. Klorini ya kwenye jiki ikikutana na protini ya jasho hutengeneza vitu vyenye rangi ya njano. Haing'oi gundi ya alumini hata kidogo, na wakati huo huo inalegeza nyuzi za pamba. Matokeo yake ni kwapa la njano zaidi na jepesi zaidi, ambalo siku moja utainua mkono litachanika.

Buluu nayo inaficha tu. Inaweka ubuluu kidogo juu ya njano ili jicho lione weupe. Doa liko pale pale chini yake. Na sabuni ya mche, tunayoiheshimu kwa kufua, ina udhaifu wake hapa. Sabuni ya kweli ikikutana na alumini, au na maji magumu ya kisima, hutengeneza utando usioyeyuka katika maji. Ukiisugua sana kwenye kwapa lenye alumini unaongeza tabaka jingine juu ya lile la kwanza.

Hapa ndipo panapozaliwa tatizo la pili ambalo watu hulichanganya na doa: ukoko. Kwapa linakuwa gumu, linang'aa kidogo, likiguswa ni kama limepakwa nta. Rangi yake inaweza kuwa nyeupe au kijivu, siyo lazima iwe njano. Huo ni mchanganyiko wa nta na mafuta ya deodoranti, hasa ile ya kijiti, pamoja na alumini na mabaki ya sabuni. Kuutambua ni rahisi. Shati likiwa kavu, dondoshea tone moja la maji kwapani. Likikaa juu kama tone juu ya jani la mgomba, kuna ukoko. Likizama mara moja, huna ukoko, una doa tu.

Jaribio hilo la tone ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu ukoko ukiwepo hakuna dawa itakayofika kwenye doa. Itapita juu tu. Kwa hiyo mpangilio ni huu, na haugeuzwi: kwanza unatoa ukoko, pili unalegeza alumini, tatu ndiyo unashughulikia rangi ya njano. Wengi wanaoshindwa huanzia hatua ya tatu.

Nitawaeleza jinsi tulivyofanya kwa mashati ya mdogo wangu. Yeye anasomea uwakili, ambako shati jeupe ni sare ya kila siku, na mashati matatu ndiyo mtaji wake wote. La kwanza ni pamba tupu, alilinunua mtumba pale Karume. La pili lina poliesta nyingi na pamba kidogo. La tatu ni la zamani, limekwisha pitishwa kwenye jiki mara nyingi. Jumatatu yake alikuwa na zoezi la kusimama na kutetea hoja mbele ya wenzake, na aliniambia waziwazi kwamba hawazi sheria, anawaza mkono wake wa kulia, maana akitetea hoja huwa anaunyanyua. Kununua matatu mapya haikuwezekana kwa mwezi ule.

Tulianza na tone la maji. Kwenye shati la poliesta lilikaa juu kabisa. Kwenye la pamba lilisita kidogo ndipo likazama. Kwenye la zamani lilizama papo hapo.

Hatua ya kwanza, ukoko. Tuliyageuza nje ndani, tukakwangua makwapa taratibu kwa ukingo wa kijiko yakiwa makavu. Unga mweupe ulitoka wa kutosha kumshangaza mwenye mashati. Halafu tukapaka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai kila kwapa, bila kuongeza maji, tukaisugua kwa mswaki laini wa zamani na kuiacha nusu saa. Sabuni hii imetengenezwa kwa ajili ya mafuta, tena haigandi na alumini kama sabuni ya mche. Kisha suuza kwa maji ya moto kiasi ambacho mkono unavumilia, siyo ya kuchemka. Shati la poliesta ilibidi lirudiwe mara mbili ndipo tone la maji likakubali kuzama.

Hatua ya pili, alumini. Hapa dawa ni kitu chenye uchachu, kwa sababu tindikali huyeyusha zile chumvi zilizoganda. Ukiwa na siki nyeupe ya dukani, changanya nusu kwa nusu na maji ya vuguvugu. Sisi tulitumia ndimu ya unga, kijiko kimoja cha chakula kwenye nusu lita ya maji ya vuguvugu, na mimi naipendelea kwa sababu inaikamata alumini na kuishikilia ndani ya maji isirudi kwenye kitambaa. Huna haja ya kuloweka shati zima. Tumbukiza kwapa tu ndani ya bakuli, liache kati ya nusu saa na saa moja, halafu suuza sana kwa maji safi. Usiache ndimu ikaukie kwenye pamba, kwa sababu tindikali iliyokauka huchosha nyuzi. Baada ya hatua hii doa bado litaonekana, pengine limefifia kidogo tu. Usikate tamaa hapo. Kilichotoka ni gundi, rangi bado ipo.

Hatua ya tatu, rangi. Nenda duka la dawa ununue haidrojeni peroksaidi, ile ya kusafishia vidonda. Soma nguvu yake kwenye chupa. Unayoihitaji ni ya asilimia 3, ambayo chupa nyingine huandika volumu 10. Ikiwa ni ya asilimia 6, yaani volumu 20, izimue kwa maji kiasi sawa. Chukua robo kikombe, changanya na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya unga, iwe uji mwepesi. Sabuni ya unga siyo ya kusugulia tu hapa. Peroksaidi ikiwa yenyewe inafanya kazi polepole, na ile hali ya umagadi iliyomo kwenye sabuni ya unga ndiyo inayoiamsha. Paka kwenye kwapa lenye unyevu, liache kivulini dakika 45 hivi, na likianza kukauka liongezee. Utaona mapovu madogo madogo. Hiyo ni oksijeni, na tofauti yake na jiki ni kwamba inavunja ile rangi ya njano bila kutengeneza njano nyingine. Vaa glavu kama unazo, kwa sababu peroksaidi hubabua vidole.

Halafu fua shati zima kama kawaida kwa sabuni ya unga, suuza vizuri, na ulianike juani likiwa limegeuzwa nje ndani. Jua letu hili linalotuchoma, kwa kitambaa cheupe chenye unyevu ni msaidizi wa bure.

Kuna tahadhari moja ambayo siyo ya mzaha. Jiki isikutane kamwe na siki wala ndimu. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na ndani ya bafu dogo lisilo na dirisha gesi hiyo inadhuru mapafu. Jiki na peroksaidi navyo havichanganywi. Kama shati lilikuwa kwenye jiki, lisuuze maji mengi, lianike likauke, ndipo uanze hatua hizi siku nyingine. Na hata siki na peroksaidi visikae pamoja, kwa hiyo ile suuza ya kati ya hatua ya pili na ya tatu usiiruke.

Kosa jingine linaloharibu kazi nzuri ni pasi. Joto la pasi huharakisha kuchacha kwa mafuta yaliyobaki, na doa ambalo lingetoka kwa mara ya pili linakuwa la kudumu. Kwa hiyo shati likikauka, liangalie kwenye mwanga wa dirishani kabla ya kuwasha pasi. Ukiona kivuli cha njano, rudia hatua ya pili na ya tatu. Pasi ni mpaka uridhike.

Matokeo yetu yalikuwaje? Shati la pamba liliacha kivuli mara ya kwanza, tukarudia Jumapili, likawa jeupe kiasi kwamba huwezi kuonyesha doa lilikuwa wapi. La poliesta lilitoka kwa mara moja upande wa rangi, ila lina tabia yake: poliesta hupenda mafuta, na mafuta yaliyomo hushika harufu. Likikauka halinuki, mwili ukilipasha joto harufu inaamka. Hilo linahitaji hatua ya kwanza irudiwe kila baada ya kufuliwa mara kadhaa. La tatu, lile la jiki, lilipungua tu. Njano iliyotengenezwa na klorini haikuondoka yote, na kitambaa kilipoinuliwa kwenye mwanga kilionekana kimekuwa chepesi kama chandarua. Shati hilo sasa linavaliwa ndani ya koti siku za baridi, na hakuna dawa ya kurudisha nyuzi zilizokwisha liwa. Jumatatu mdogo wangu alivaa la pamba, na jioni alinieleza habari za hoja zake kwa saa nzima bila kutaja kwapa hata mara moja.

Hatua hizi ni za pamba nyeupe na mchanganyiko wake na poliesta. Hariri na sufu usizipeleke huku, na shati la rangi lijaribie kwanza kwenye pindo la ndani, kwa sababu peroksaidi haichagui rangi ya doa na rangi ya shati.

Sasa usirudi ulikotoka. Dawa ya kuzuia jasho ipakwe usiku, siyo asubuhi. Usiku jasho ni dogo, kwa hiyo alumini inapata nafasi ya kuingia kwenye matundu na kufanya kazi yake, na asubuhi ukioga kinachooshwa ni mabaki tu, kinga inabaki. Ukipaka asubuhi ukavaa shati papo hapo, sehemu kubwa ya dawa inakwenda kwenye kitambaa. Ikibidi asubuhi, paka kidogo kwenye kwapa kavu na usubiri likauke ndipo uvae. Kama shida yako ni harufu na siyo kulowa, tafuta isiyo na alumini kabisa. Singlendi yenye mikono nayo husaidia, kwa sababu inapokea yale yote kabla shati halijayaona.

Na ukirudi kazini jioni, usilitupe shati kwenye tenga likasubiri Jumamosi. Lisuuze makwapa kwa maji matupu, dakika moja tu, ulitundike. Jasho la leo linatoka kwa maji. Likikaa wiki nzima na gundi yake, ndipo linapotaka ndimu, peroksaidi na Jumamosi yako.

Kwa wale mnaofuliwa, nina ombi. Kabla hamjamkata mtu hela kwa sababu ya kwapa la njano, angalieni kwanza chupa yenu ya deodoranti imeandikwa nini mgongoni, na mwambieni anayewafulia aiweke jiki pembeni. Kazi kwenu. Jioni njema.